Hospitali 68 katika orodha ya hospitali 50

Niliiona namba hiyo usiku, zikiwa zimebaki safu mbili tu za jedwali. Orodha yetu ilikuwa na vituo vya tiba 1,000: vidogo 700, vya kati 250 na hospitali kubwa 50. Kanuni ilikuwa imeniambia nichukue vituo 147 kwa jumla. Nilipovigawa kwa makundi, hospitali zikapata 68, na hospitali zenyewe ni 50. Nikafuta 68, nikaandika 50, nikafunga kompyuta, nikalala.

Kuandika 50 hakukuwa kosa, maana huwezi kutembelea hospitali ambayo haipo. Kosa lilikuwa kuyaacha makundi mengine mawili yalivyo, na kuendelea kuamini kwamba sampuli hiyo bado inatupa usahihi tulioahidi. Asubuhi yake mzee mmoja wa kazi, mtu aliyepanga sampuli kabla sijajua kusoma, aliitazama karatasi yangu kwa muda, akaweka kidole kwenye ile 50 na kuniuliza, "Hizi 18 ulizozikata, kazi yake ameifanya nani?" Sikuwa na jibu. Makala haya ni jibu nililolitafuta baadaye, na namba nitakazotumia ni zile zile, nilizozilainisha kidogo ili yeyote aweze kufuata kwa kikokotoo cha simu.

Swali letu lilikuwa jepesi kulitaja: kwa wastani, kituo kimoja hupokea wagonjwa wangapi wa nje kwa siku? Tungeweza kuchukua sampuli nasibu ya kawaida kutoka kwenye orodha nzima, lakini kituo kidogo hupokea wagonjwa kama 12, cha kati kama 40 na hospitali kubwa kama 250. Ukivichanganya kwenye kapu moja, unajitwisha tofauti kubwa ambayo unaijua tangu mwanzo. Ndiyo maana tuliigawa orodha katika matabaka matatu, ili kila tabaka lipimwe peke yake na wastani wa jumla uundwe kwa kuyapa matabaka uzito wa ukubwa wake. Uzito wa vituo vidogo ni 0.70, wa vituo vya kati 0.25 na wa hospitali 0.05.

Tulikuwa pia na mchepuko sanifu wa kila tabaka, yaani kipimo cha jinsi vituo vyake vinavyotawanyika kutoka kwenye wastani wao, kutokana na hesabu kamili ya vituo vyote iliyokuwa imefanyika muda mfupi kabla. Kwa vituo vidogo ilikuwa 4, kwa vya kati 12, kwa hospitali 100. Hapa inafaa nisimame kidogo, kwa sababu nimeona watu wakiteleza. Mchepuko unaohitajika ni ule wa kituo na kituo ndani ya tabaka moja. Hauhusu jinsi kituo kimoja kinavyopanda Jumatatu na kushuka Ijumaa. Ukichukua rejista ya hospitali moja na kupiga mchepuko wa siku zake 30, umepata kitu kingine kabisa, na kwa kawaida kitakuwa kidogo mno.

Na lengo? Msimamizi wa mradi alitaka wastani wenye kosa lisilozidi mgonjwa mmoja juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Kwa hesabu ya kawaida, mpaka huo ni kosa sanifu, yaani kadiri wastani wetu unavyoyumba kutoka sampuli moja hadi nyingine, mara 1.96, kwa hiyo kosa sanifu la 0.5 linatoa mpaka wa 0.98. Nusu ukiizidisha kwa nusu unapata 0.25. Hiyo ndiyo variansi lengwa, nitaiita V. Kuanzia hapo msimamizi hana tena la kusema. Kilichobaki ni kutafuta idadi ndogo kabisa ya vituo inayoifikisha variansi ya wastani wetu kwenye 0.25 au chini yake.

Variansi ya wastani wa matabaka ni jumla ya michango ya matabaka, na mchango wa kila tabaka unaandikwa hivi:

```
W² · S² · (1/n − 1/N)
```

W ni uzito wa tabaka, S mchepuko wake, n idadi utakayoichukua humo na N idadi yote iliyomo. Mabano yale ndiyo ya kukodolea macho. Ukichukua tabaka lote, n inalingana na N, mabano yanakuwa sifuri na tabaka halichangii kosa lolote. Ni sawa kabisa, kwani ukishahesabu kila hospitali hakuna tena cha kukisia kuhusu hospitali.

Sasa, jambo ambalo lilinichukua muda kulimeza ni kwamba huwezi kupata jumla ya sampuli kabla ya kuamua namna ya kuigawa. Kila mara watu huuliza "tuchukue wangapi?" kisha "tuwagawe vipi?", kwa mpangilio huo. Kumbe swali la pili ndilo linalojibu la kwanza. Vituo 300 vilivyogawanywa vibaya vinaweza kuwa na variansi kubwa kuliko 150 vilivyogawanywa vizuri, na kwa hiyo V moja ile ile ina majibu mengi, kila mgawo na lake.

Mgawo ambao kila mtu huufikiria kwanza ni wa uwiano: kila tabaka lipate sehemu ya sampuli inayolingana na sehemu yake kwenye orodha. Ukiuweka huo kwenye kanuni ya variansi na kuigeuza ili n ibaki peke yake, unapata hatua mbili. Kwanza unajumlisha W·S² za matabaka yote na kuigawa kwa V. Kisha unairekebisha kwa sababu orodha ina kikomo:

```
n0 = Σ W·S² / V
n  = n0 / (1 + n0/N)
```

Kwetu W·S² ni 11.2 kwa vituo vidogo, 36 kwa vya kati na 500 kwa hospitali, jumla 547.2. Ukigawa kwa 0.25 unapata 2,188.8, namba inayozidi orodha nzima mara mbili. Ukiirekebisha inashuka hadi 686.4, yaani vituo 687. Kwa kulinganisha, sampuli nasibu ya kawaida kutoka orodha nzima, kwa wastani nilioutaja wa kila tabaka, ingehitaji vituo 928 kati ya 1,000. Kwa hiyo kugawa matabaka kumesaidia, lakini 687 bado ni safari ndefu.

Tazama jumla ile tena. Kati ya 547.2, hospitali peke yake zinabeba 500. Hamsini tu kati ya elfu moja ndizo zinazoamua karibu kila kitu, na mgawo wa uwiano unazipa nafasi 34 na kuvipa vituo vidogo 481, ambavyo vinafanana karibu kama mapacha. Unatembelea vituo 481 ili kupata habari ambayo vituo 60 vingekupa, huku hospitali 16 zinazotofautiana kama mbingu na ardhi zikiachwa.

Mgawo unaoponya hali hii unaitwa mgawo wa Neyman, kwa jina la Jerzy Neyman, mwanatakwimu aliyeueleza mwaka 1934, ingawa Aleksandr Chuprov alikuwa ameufikia na kuuchapisha mwaka 1923. Kanuni yake ni kwamba kila tabaka lipate nafasi kwa kadiri ya W·S, ukubwa mara utofauti. Tabaka kubwa lenye kufanana linapata kiasi, na tabaka dogo lenye kutawanyika linapata zaidi ya ukubwa wake. Kwa mgawo huo, jumla ya sampuli inakuwa:

```
n = (Σ W·S)² / (V + Σ W·S² / N)
```

W·S kwetu ni 2.8, 3.0 na 5.0, jumla 10.8. Mraba wake ni 116.64. Chini ya mstari tuna 0.25 kujumlisha 0.5472, yaani 0.7972. Gawanya, unapata 146.3, nasi tunapandisha hadi 147. Kutoka 687 hadi 147! Naikumbuka furaha ya usiku ule. Kisha nikagawa: vidogo 38, vya kati 41, hospitali 68.

Nilipolikabili swali la mzee, nilifanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya kabla ya kulala. Nilichukua mgawo ule ule, 38, 41 na 68, nikapiga mchango wa kila tabaka peke yake badala ya kutazama jumla tu. Vituo vidogo vilichangia 0.195. Vya kati vilichangia 0.184. Hospitali zilichangia 25 mara tofauti ya 1/68 na 1/50, yaani hasi 0.132.

Variansi hasi. Hakuna kitu kama hicho duniani. Variansi ni wastani wa miraba, na mraba haushuki chini ya sifuri. Lakini kanuni ya Neyman haijui kwamba 68 haiwezi kuzidi 50. Imepewa tabaka, uzito na mchepuko, ikaona kwamba kila hospitali ya ziada inapunguza kosa, ikaendelea kuongeza hadi ikavuka ukuta. Ilipovuka, mabano yakageuka hasi, na hasi hiyo ikatumika kulipia kosa la vituo vidogo na vya kati. Matabaka hayo mawili yalikuwa na variansi ya 0.379, kubwa mno kwa lengo letu. Kanuni ikatoa 0.132 kutoka kwa hospitali ambazo hazipo, ikapata 0.246 baada ya makadirio ya desimali, na kutangaza kwamba lengo limefikiwa.

Hilo ndilo jibu la mzee. Hospitali 18 nilizozikata zilikuwa zinafanya kazi ya kufunika upungufu wa wengine, na nilipozikata, upungufu ukabaki wazi. Mpango wangu halisi, 38 na 41 na hospitali 50, vituo 129 kwa jumla, ulikuwa na variansi ya 0.379, mara moja na nusu ya lengo. Kosa sanifu lilikuwa 0.615 badala ya 0.5, na mpaka wa mgonjwa mmoja ulikuwa kwa kweli mgonjwa mmoja na robo au karibu. Tungeandika kwenye ripoti kwamba tumeahidi moja na kutimiza moja, na isingekuwa kweli.

Wapo wanaosema: basi zile nafasi 18 zigawie matabaka mengine, jumla ibaki 147. Nililijaribu pia. Hospitali 50, zinabaki nafasi 97, unazigawa 47 na 50. Variansi inashuka hadi 0.2996. Ni afadhali, lakini bado iko juu ya 0.25. Na haishangazi, kwa sababu ile 147 yenyewe ilipatikana kwa msaada wa variansi hasi. Jumla iliyopatikana kwa njia hiyo haiwezi kutosha, uigawe upendavyo.

Njia sahihi ni kurudi nyuma hatua moja zaidi. Tabaka lililovuka ukuta linachukuliwa lote na kutolewa kabisa kwenye hesabu. Mchango wake ni sifuri na halina tena sauti. Kisha unatafuta jumla upya kwa matabaka yaliyobaki, ukiwa na V ile ile na ukiacha N ya orodha nzima pale pale. Uzito nao haubadiliki: 0.70 na 0.25 zinabaki vile zilivyo, hazilazimishwi kujumlika kuwa 1. Hapa ndipo nimeona watu wawili tofauti wakiharibu hesabu nzuri, kwa kuuhesabu upya uzito kana kwamba orodha sasa ni ya vituo 950. Lakini wastani tunaoutafuta bado ni wa vituo 1,000.

Kwa matabaka mawili, W·S ni 2.8 na 3.0, jumla 5.8, mraba 33.64. W·S² ni 11.2 na 36, jumla 47.2, na ukigawa kwa 1,000 ni 0.0472. Chini ya mstari tuna 0.2972. Gawanya, unapata 113.2, yaani 114. Mgawo ni 55 na 59. Ongeza hospitali 50 na jumla ya sampuli ni vituo 164.

Ukiipima: vituo vidogo na vya kati pamoja vinatoa 0.248, hospitali sifuri. Iko chini ya 0.25, kwa haki, bila deni. Vituo 164 ni 17 zaidi ya namba iliyonifurahisha, na ni 35 zaidi ya vile ambavyo tungevitembelea kwa mpango wangu wa usiku.

Ukiona tabaka moja limetolewa, usidhani kazi imekwisha. Kulitoa kunaongeza nafasi za yaliyobaki: vya kati vilitoka 41 hadi 59. Kukiwa na matabaka saba au nane, lile lililokuwa limepona kwa nafasi mbili linaweza kuvuka ukuta katika mzunguko wa pili. Unarudia hadi kusiwe na linalovuka. Hivi ndivyo ninavyoifanya siku hizi, ili nisitegemee macho yangu ya usiku:

```python
import math

def sampuli(N, S, V):
    jumla = sum(N)
    W = [x / jumla for x in N]
    hai = list(range(len(N)))
    while True:
        A = sum(W[h] * S[h] for h in hai)
        B = sum(W[h] * S[h]**2 for h in hai) / jumla
        n = A**2 / (V + B)
        lote = [h for h in hai if n * W[h] * S[h] / A >= N[h]]
        if not lote:
            break
        hai = [h for h in hai if h not in lote]
    return [math.ceil(n * W[h] * S[h] / A) if h in hai else N[h]
            for h in range(len(N))]

print(sampuli([700, 250, 50], [4, 12, 100], 0.25))
```

Inachapisha `[55, 59, 50]`. Ukiipa V kubwa zaidi, tuseme 1, hospitali hazivuki tena ukuta, na hapo kanuni ya Neyman inafanya kazi bila kuguswa. Tatizo la hospitali 68 huja pale usahihi unaotakiwa ni mkali na tabaka dogo lina mtawanyiko mkubwa. Yakikutana hayo mawili, tarajia kulikuta.

Utaona pia kwamba nimepandisha kila tabaka peke yake, badala ya kukadiria juu au chini kwa kanuni ya nusu. Sababu niliigundua nilipourudia ule mgawo wa uwiano wa vituo 687. Ukigawa 687 kwa uzito, unapata 480.9, 171.75 na 34.35. Kwa makadirio ya kawaida ni 481, 172 na 34, na jumla yake ni 687 barabara, kila kitu kinaonekana safi. Piga variansi sasa: 0.257. Umevuka lengo, na kilichokuvusha ni ile 0.35 ya hospitali iliyodondoshwa. Weka 35 badala ya 34, jumla iwe 688, na variansi inashuka hadi 0.236. Kituo kimoja kati ya mia sita na kitu. Desimali ya tabaka lenye mchepuko wa 4 unaweza kuidharau, ya tabaka lenye mchepuko wa 100 huwezi.

Nimeandika kana kwamba michepuko sanifu inajulikana, na hapo nina la kusema. Kanuni zote hizi zinachukulia S kuwa ni kweli. Sisi tulikuwa na bahati ya hesabu kamili ya karibuni, lakini hata hiyo ni ya jana, na sampuli ni ya kesho. Tuseme vituo vya kati vimeanza kutofautiana, vingine vimepata vifaa vipya na vingine vimebaki nyuma, na mchepuko wao umepanda kutoka 12 hadi 15. Mpango wa 55 na 59 utatoa variansi ya 0.313, si 0.248. Ili kurudi kwenye lengo ungehitaji vituo 136 badala ya 114 katika matabaka yale mawili, yaani 22 zaidi, kwa mabadiliko ya tabaka moja tu. Kwa hiyo mimi huendesha hesabu mara mbili: moja kwa S niliyopewa, na moja kwa S ninayoiogopa, kisha nampelekea msimamizi zote mbili na kumwacha aone bei ya wasiwasi wake.

Na sasa angalia mchepuko wa hospitali. Tukipata kwamba ni 130 badala ya 100, mpango wetu unapungukiwa na nini? Hakuna. Tunazichukua zote, mabano ni sifuri, na sifuri mara chochote ni sifuri. Hii ni faida ya tabaka la kuchukua lote ambayo sikuifikiria hapo mwanzo: pale ambapo mchepuko ni mkubwa na mgumu kuujua, ndipo pale pale usipouhitaji. Baada ya kuona hivyo, nimewahi kulichukua tabaka lote hata pale kanuni iliponipa 46 kati ya 50. Nafasi nne za ziada, na S yenye mashaka inatoka kabisa kwenye hesabu.

Lakini faida hiyo ina sharti, na sharti lenyewe tulilikuta uwandani. Hospitali zinapokuwa 50, unahitaji 50. Wiki ya tatu ya ukusanyaji, tano zilikuwa hazijajibu. Barua zilikuwa zimekwenda, simu zilikuwa zimepigwa, na mmoja wa vijana wa uwandani alinijia akasema, "Bosi, tuziache tu, hizi tano ni asilimia kumi, na kule kwenye vituo vidogo tumepata wote." Alisema kwa nia njema, na kwa tabaka la vituo vidogo asilimia kumi isingenikosesha usingizi. Nikamwomba akae, tukapiga hesabu pamoja kwenye ubao.

Hospitali 45 badala ya 50: mabano hayako tena sifuri. Ishirini na tano mara tofauti ya 1/45 na 1/50 ni 0.056. Ukiijumlisha kwenye 0.248 iliyokuwepo, variansi ni 0.304, na lengo limetutoka. Na hiyo ni kwa kudhani kwamba tano zile zimekosekana kwa nasibu, jambo ambalo ni gumu kuliamini, kwa sababu hospitali inayochelewa kujibu mara nyingi ndiyo iliyoelemewa na wagonjwa. Kukosekana kwa namna hiyo ni upendeleo, na hakuna variansi lengwa inayouponya.

Akauliza kama tunaweza kufidia kwa kuongeza vituo vingine. Tunaweza. Kwenye V ya 0.25 unatoa 0.056 ya hospitali, unabaki na 0.194 kwa matabaka mawili, unaipitisha kwenye kanuni ile ile na unapata vituo 140 badala ya 114. Vituo 26 zaidi, kwa ajili ya hospitali 5. Tukaendelea kujaribu ubaoni. Zikikosekana hospitali 10, tunahitaji vituo 82 zaidi. Zikikosekana 17, yaani tukibaki na 33, mchango wa hospitali peke yake ni 0.258, na hapo hata tungetembelea kila kituo kidogo na kila cha kati katika orodha, vyote 950, lengo lisingefikiwa.

Akaitazama 33 ile kwa muda, akachukua orodha ya hospitali tano, na kesho yake akaondoka na gari.